Kukisia katika kifungu cha ufahamu: mwalimu aonyeshe kwanza, au afunike kifungu kwa kanga?

Mwalimu anayeandaa kipindi cha ufahamu kwa Darasa la Tano ana dakika arobaini, ubao mmoja na, katika shule nyingi za huku kwetu Tandahimba, wanafunzi wanaozidi sitini. Maswali ambayo jibu lake limeandikwa wazi katika kifungu hayamsumbui sana, kwa sababu mtoto anayejua kusoma hulitafuta jibu kwa kidole mpaka akalipata. Ugumu huanza pale swali linapouliza jambo ambalo mwandishi hakulitamka bali amelidokeza tu, na mtoto anatakiwa aunganishe sentensi moja na nyingine, kisha aongeze na yale anayoyajua, ndipo apate jibu. Huko ndiko kukisia. Kiswahili kinatupa maneno matatu ambayo wanafunzi huyachanganya, nasi walimu pia: kubahatisha ni kusema lolote ukitumaini litakuwa sawa; kubashiri ni kusema litakalofuata; kukisia ni kusema lililopo ingawa halikutamkwa, huku ukiweza kuonyesha kilichokufikisha hapo.

Ninalinganisha hapa namna mbili za kupanga kipindi hicho. Katika ya kwanza, mwalimu husoma kifungu chote na darasa, kisha hufikiri kwa sauti mbele yao, akionyesha kidokezo kimoja baada ya kingine, kabla ya kuwaachia wao kazi. Katika ya pili, kifungu huandikwa ubaoni kabla ya kipindi, hufunikwa kwa kanga, na hufunuliwa sehemu kwa sehemu huku wanafunzi wakitoa kisio na kulirekebisha. Nimezitumia zote mbili kwa kifungu kilekile na madarasa ya miaka tofauti, kwa hiyo nitakiweka kifungu chenyewe hapa ili msomaji aone ninachokizungumzia.

Kina sentensi sita, na kila sentensi ina namba yake pembeni. Namba hizo si pambo. Bila namba, mtoto wa dawati la nyuma atasema "pale juu" na hakuna atakayejua ni wapi.

1. Jana jioni Somoe na mama yake walikimbilia uani kukusanya korosho zilizokuwa zimeanikwa kwenye turubai, lakini mvua iliwawahi.
2. Asubuhi baba alifunga gunia kwenye baiskeli, akaondoka huku akipiga mluzi.
3. Kabla ya adhuhuri Somoe alisikia baiskeli ikiingia uani.
4. Baba aliiegemeza kwenye mwembe, gunia likiwa bado limefungwa nyuma, akakaa barazani bila kusema neno.
5. Mama alilitazama gunia, akaenda kulitandaza tena lile turubai juani.
6. Somoe alilifunga daftari alimokuwa amechora viatu vipya vya shule.

Neno "ghala" halimo katika kifungu hiki, wala "unyevu", wala "fedha", wala "huzuni". Nimeyaacha makusudi. Mtoto wa Tandahimba au Newala anajua kwamba korosho hupelekwa ghalani kwenye chama cha msingi na kwamba zikiwa mbichi hazipokelewi, kwa hiyo yeye ndiye anayelileta ghala ndani ya kifungu. Mtoto wa Msimbati au Kilwa Kivinje, ambaye baba yake hutoka na ngalawa, anaweza asilete chochote, na mwalimu wake akadhani hajui kukisia, kumbe anachokosa ni habari za korosho. Huyo apewe kifungu cha wavu uliorudi mkavu. Jambo hili lingetosha kuharibu mpango wowote kati ya hii miwili, na ndiyo maana ninashauri kifungu kiandikwe na mwalimu mwenyewe kwa maisha ya watoto alionao badala ya kunakiliwa tu kutoka kitabuni.

Hata hivyo, kuijua habari si sawa na kuitumia. Mwaka 2001 watafiti wa Kiingereza, Kate Cain na Jane Oakhill wakiwa na wenzao, walichapisha utafiti uliojaribu jambo hili kwa namna ya kupendeza: kwanza waliwafundisha watoto habari za sayari ya kubuni iitwayo Gan, kwa mfano kwamba dubu wa huko wana manyoya ya buluu, wakahakikisha kwamba kila mtoto amezishika, ndipo wakawasomea hadithi ambayo maswali yake yalihitaji habari hizo. Watoto waliokuwa dhaifu katika ufahamu bado walikisia kwa uchache kuliko wenzao, ingawa habari zilikuwa vichwani mwao. Tafsiri yangu kama mwalimu ni kwamba mtoto wa aina hiyo hahitaji kuongezewa maelezo kuhusu korosho. Anahitaji kuonyeshwa ni lini na wapi katika kifungu aiite habari anayoijua. Hapo ndipo namna ya kwanza inapopata nguvu zake.

Kipindi cha namna ya kwanza hupangwa hivi. Dakika tano za mwanzo ni za kusoma kifungu mara mbili na kuondoa ugumu wa maneno kama "adhuhuri". Dakika kumi zinazofuata ni za mwalimu kujibu swali la kwanza, "Kwa nini baba alirudi na gunia?", akifikiri kwa sauti. Wengi wetu hukosea katika dakika hizi kumi, kwa sababu badala ya kufikiri kwa sauti tunaeleza jibu. Kueleza ni kusema, "Baba alirudi kwa sababu korosho zililowa, angalieni sentensi ya kwanza." Kufikiri kwa sauti kuna kusitasita ndani yake, na mimi husema takribani maneno haya, nikiwa na fimbo ya kuonyeshea mkononi:

"Sentensi ya nne inaniambia gunia bado limefungwa. Kwa hiyo halikushushwa huko alikokwenda. Labda alichoka njiani? Lakini ya pili inasema aliondoka akipiga mluzi, mtu mwenye nguvu zake na furaha yake. Ngoja nisome ya tano. Mama anatandaza turubai tena. Neno 'lile' linanirudisha nyuma: turubai gani? Lile la sentensi ya kwanza, lililonyeshewa. Basi mama anataka kuanika tena. Mtu huanika kitu kibichi. Na mimi ninajua kwamba korosho mbichi ghalani hazipokelewi. Sasa ninaweza kusema: walizikataa kwa sababu zilikuwa bado na maji."

Msomaji ataona kwamba nimelitupa wazo moja, la uchovu, na nimelitupa kwa kutumia sentensi. Kulitupa wazo hilo kuna manufaa kuliko jibu lenyewe, kwa sababu mtoto ambaye hajawahi kumwona mtu mzima akibadili mawazo mbele ya maandishi huamini kwamba msomaji hodari hupata jibu papo kwa papo. Nimeonyesha pia kazi ya neno dogo "lile", ambalo wanafunzi hulipita kama hawakuliona. Nusu ya kukisia katika vifungu vya kiwango hiki ni kujua "lile", "huyo", "hapo" na "naye" vinarejea wapi.

Dakika kumi nyingine ni za swali la pili, "Somoe alikuwa akitarajia nini?", ambalo darasa linalijibu pamoja na mwalimu: wao wanataja sentensi, yeye anaandika ubaoni upande mmoja kile kifungu kinachosema na upande wa pili kile wanachokijua wao. Kisha dakika kumi za wawili wawili kwa swali la tatu, "Je, mama anatarajia kwamba baba atarudi tena alikotoka?", na dakika tano za mwisho ni za jaribio la mtu mmoja mmoja kwa kifungu kipya cha sentensi mbili, ambacho nitakieleza baadaye.

Namna ya pili ina sura tofauti kabisa. Unafika darasani kabla ya kengele, unaandika, na unatundika kanga juu ya ubao kwa misumari miwili. Unaishusha polepole. Sentensi ya kwanza na ya pili zikionekana, unauliza, "Baba anakwenda wapi?" Darasa langu la mwaka juzi lilitoa majibu manne: ghalani, sokoni, mashineni, kwa babu. Nikayaandika yote upande wa kushoto bila kusifu hata moja. Nikafunua ya tatu na ya nne, na hapo swali likawa tofauti: "Tulifute lipi, na sentensi ipi inatulazimisha kulifuta?"

"Tufute kwa babu, mwalimu," akasema mmoja.

"Kwa nini?"

"Kwa babu angeliacha gunia."

"Umeliona wapi?"

"Ya nne, mwalimu. Bado limefungwa."

"Labda babu hakuwepo," akadakia jirani yake, na darasa likacheka. Lakini alikuwa na hoja, kwa hiyo "kwa babu" likabaki ubaoni na alama ya kuuliza mpaka sentensi ya tano ilipofunuliwa. Wakati huo walilifuta wenyewe, kwa sababu babu kutokuwepo hakuelezi kwa nini mama atandaze turubai.

Katika namna ya kwanza hutapata mazungumzo ya aina hiyo kwa urahisi. Kufuta kwa sababu kunamfundisha mtoto kipimo ambacho sijaona njia nyingine ya kukifundisha vizuri zaidi, yaani kwamba kisio jema ni lile linalokubaliana na sentensi zote, si lile linalokubaliana na sentensi moja. Vilevile msomaji anayesuasua hupata nafuu, kwa kuwa macho yake yana sentensi mbili tu za kushughulika nazo kwa wakati mmoja badala ya sita.

Lakini gharama yake ni kubwa, nami niliilipa. Kila kituo hula dakika sita au saba katika darasa la watu sitini, na vituo vinne vinamaliza karibu dakika thelathini, hivyo hakuna nafasi ya wawili wawili wala ya jaribio. Wanaosema ni walewale wanane. Hatari iliyo kubwa kuliko hiyo ni kwamba kufunua kunageuza kukisia kuwa kubashiri. Mara ya kwanza nilipoitumia, niliandika sentensi ya saba iliyosema, "Korosho zilikuwa zimekataliwa ghalani kwa kuwa zilikuwa mbichi." Nilidhani ninawasaidia. Kanga iliposhuka mpaka chini, waliopatia walishangilia kama watu waliofunga goli, na waliokosa wakaichukua kalamu na kulibadilisha jibu. Wiki iliyofuata, katika kifungu kingine, walingoja. Kwa nini wahangaike na vidokezo ilhali sentensi ya mwisho itasema? Tangu hapo sentensi ya mwisho ya kifungu changu haithibitishi lolote, na wanafunzi huandika makisio yao kwa kalamu ya wino, si penseli, wakikata kwa mstari mmoja wanapobadili mawazo ili nione walikopitia.

Kuna walimu wanaopenda kuanza kipindi cha aina yoyote kati ya hizi kwa vitendawili, kwa kuwa kitendawili nacho ni vidokezo. Sikatai, ila mtoto akisikia "Nyumba yangu haina mlango" anajibu "yai" kwa sababu alishalisikia tangu akiwa mdogo, hakuna alichokikisia. Kitendawili kinafaa endapo ni kipya kwao, na vipya ni vigumu kuvipata.

Sasa namna ya kwanza nayo inaharibikaje? Inaharibika kimyakimya, na hapo ndipo inapomdanganya mwalimu. Darasa linaonekana limetulia, mwalimu amezungumza vizuri, madaftari yamejaa. Ukiyasahihisha unakuta wanafunzi thelathini wameandika "kidokezo kiko sentensi ya kwanza" hata kwa swali la viatu, ambalo halina uhusiano na mvua ya sentensi hiyo isipokuwa kwa mbali. Wamechukua maneno ya mwalimu, hawakuchukua kazi aliyoifanya. Dawa niliyoipata ni ndogo: maswali mawili yanayofuatana yasiwe na kidokezo kikuu katika sentensi moja. Swali la kwanza linasimama juu ya sentensi ya kwanza na ya tano, la pili juu ya ya pili na ya sita, la tatu juu ya ya tano peke yake. Anayenakili hujulikana mara moja.

Kuna majibu yanayozua mjadala katika namna zote mbili, na mpango wa kipindi lazima uyatazamie. Mtoto atasema baba ni mgonjwa. Mwingine atasema ghala lilikuwa limefungwa. La kwanza linaweza kuielezea sentensi ya nne, kwa maana mgonjwa naye hukaa kimya, lakini sentensi ya tano inalikataa, kwa sababu mama angemtazama mume wake na si gunia. La pili ni gumu zaidi kulikataa. Ghala kufungwa kunaelezea gunia kurudi, na mama angeweza kuzianika tena kwa tahadhari tu. Mimi hulipokea kama kisio dhaifu kuliko lile la korosho mbichi, kwa sababu linaiacha mvua ya sentensi ya kwanza bila kazi yoyote, na mwandishi wa kifungu kifupi haweki mvua bila sababu. Mwalimu asiyelitazamia jibu hilo ataishia kusema "siyo", na mtoto aliyefikiri vizuri atajifunza kwamba kukisia ni kuotea lililo kichwani mwa mwalimu. Ndiyo maana ninapotoa alama ninatoa moja kwa kisio na moja kwa kidokezo. Aliyeandika "ghala lilifungwa, kwa sababu sentensi ya nne gunia bado limefungwa" anapata zote mbili, na aliyeandika "korosho zililowa" bila kutaja sentensi anapata moja.

Lile jaribio la dakika tano nililoliahidi ni hili: "Bibi aliingia ndani akiwa ameziba pua kwa ukingo wa kanga. Akalitupa fagio, akaikimbilia sufuria." Swali ni moja, "Kumetokea nini jikoni?", na mwanafunzi anaandika kisio lake na maneno mawili au matatu yaliyomwongoza. Ni fupi kwa makusudi na linahusu jambo ambalo kila mtoto wa kusini analijua, awe wa Makonde huko juu au wa pwani, kwa hiyo akishindwa huwezi kuilaumu korosho wala ngalawa. Linafaa pia kwa mtoto ambaye nyumbani anazungumza Kimakonde au Kimwera na ambaye Kiswahili cha kifungu kirefu bado kinamchosha.

Kwa hiyo achague nani, na achague nini? Mwenye kipindi kimoja cha dakika arobaini na darasa ambalo halijawahi kufundishwa kukisia, kwa maoni yangu, achague namna ya kwanza bila kusita, kwa sababu ndiyo pekee inayomwachia muda wa kujua kama wameelewa. Mwenye vipindi viwili vinavyofuatana, au darasa lililokwisha kuzoea kusema "kwa sababu sentensi ya...", atapata zaidi katika kanga, maana wanafunzi wake tayari wana kitu cha kufutia. Mwenye darasa dogo, tuseme thelathini, anaweza kuanza na kanga tangu siku ya kwanza, lakini awape wote kalamu na karatasi katika kila kituo kabla ya kumruhusu yeyote kusema, la sivyo wale wanane watamfundishia kipindi.

Mimi mwenyewe sasa hutumia namna ya kwanza kwa vipindi viwili, kwa vifungu viwili tofauti, ndipo kanga iingie katika cha tatu. Kinachoniamulia ni yale majibu ya Bibi na sufuria, si azimio la kazi. Nikikuta chini ya nusu ya darasa wameandika pua, kukimbia au sufuria kama vidokezo vyao, kanga inabaki kwenye mkoba, nami ninaandika kifungu kingine cha sentensi sita na kuanza upya kufikiri kwa sauti. Mwaka huu imebaki kwenye mkoba mara mbili.